Maji ya gilgilani badala ya kidonge cha tezi

*Assalaam alaykum daktari. Niko Wete, nina miaka 38. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa tezi ya shingo imelegea, kipimo cha TSH, ambacho hupanda tezi ikilegea, kikiwa 11.8, nikapewa kidonge cha homoni ya tezi, levothairoksini ya mikrogramu 50. Shoga yangu akanambia niroweke gilgilani na uzile usiku, asubuhi ninywe kabla sijala kitu, vinatibu tezi na kukata kitambi. Kidonge nimekiacha wiki 3 sasa. Nimepungua kilo 2 na nusu na najihisi mzima. Niendelee na maji au nirudie kidonge?*

Waalaykum salaam, dada yangu. Rudia kidonge kesho asubuhi, mikrogramu 50 zile zile, kimoja kwa siku. Usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Ikiwa una maradhi ya moyo au kifua hukubana ukitembea, muone daktari wako kwanza kabla ya kuanza upya. Na ukijijua una mimba, anza kidonge na siku hiyo hiyo nenda hospitali, kwani mjamzito mwenye tezi iliyolegea huhitaji dozi kubwa zaidi tangu wiki za mwanzo, wakati mtoto bado anategemea homoni ya mama.

Kinachokudanganya ni kule kujihisi mzima, na si kosa lako, kwani dawa hii ndivyo ilivyo. Haitoki mwilini kama panado. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huchukua kama siku 7 kwisha, na nusu ya ile iliyobaki siku 7 nyengine. Tuseme siku ya mwisho kumeza ulikuwa na akiba ya 100. Baada ya wiki moja umebaki na 50, baada ya mbili 25, baada ya tatu 12 na kitu. Juu ya hapo tezi yako haijafa, bado inatoa homoni kidogo. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ulikuwa ukiishi kwa akiba ya vidonge ulivyomeza zamani, na sifa zikaenda kwa gilgilani iliyokuwemo kwenye bilauri. Lau ungekuwa unakunywa maji ya mtungi matupu, akiba ingeshuka kwa mwendo ule ule.

Dalili nazo huja polepole nyuma ya homoni. Mara nyingi mtu huanza kuona tofauti baada ya mwezi na zaidi: choo kinakuwa kigumu, anasikia baridi wakati wenzake wanapepea, sauti inakwaruza, kope zinavimba asubuhi, hedhi inazidi. Kwa kuwa zinakuja moja moja, kila moja hutafutiwa sababu yake, na kidonge hakikumbukwi.

Sasa kuhusu gilgilani yenyewe. Hakuna utafiti madhubuti kwa binadamu ulioonesha kwamba maji ya gilgilani hushusha TSH au hupandisha homoni ya tezi. Na lipo jambo ndani ya dai lenyewe linalonipa shaka kubwa: maji hayo hayo husifiwa kwa tezi iliyolegea na kwa tezi inayokwenda mbio. Hayo ni maradhi mawili yaliyopeana mgongo. Mmoja homoni imempungua, mwengine imemzidi, na dawa ya mmoja humdhuru mwenzake. Kitu chenye nguvu ya kweli juu ya tezi hakiwezi kuwafaa wote wawili kwa kikombe kile kile.

Utasikia pia kwamba gilgilani ina madini joto. Chanzo cha kutegemewa cha madini joto ni chumvi iliyotiwa madini hayo, na sisi wa visiwani tusijitegemeze kwa samaki peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto Zanzibar, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja, ingawa samaki wapo. Nunua chumvi yenye madini joto na uiweke kwenye chombo chenye kifuniko. Lakini usianze kumeza matone au vidonge vya madini joto kwa nia ya kutibu tezi. Wengi wenye tezi iliyolegea, kinga ya mwili wao ndiyo inayoishambulia tezi, na madini joto yakizidi huweza kuizidisha kulegea.

Uzile ni habari nyengine kidogo, kwa sababu hapo utafiti upo na haifai kuuficha. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Iran wa wanawake 88 wenye uzito uliozidi. Wote walipewa ushauri wa chakula wa kupunguza uzito kwa miezi 3. Nusu yao walikula gramu 3 za unga wa uzile kwa siku ndani ya mtindi, wengine mtindi mtupu. Makundi yote mawili yalipungua, na la uzile likapungua zaidi kwa kilo moja na nusu hivi. Mwaka uliofuata ukaja mwengine, watu 78 kwa wiki 8, safari hii uzile ukiwa ndani ya kapsuli, na tofauti ikawa kama kilo moja. Ni dogo, lakini si sifuri.

Tatizo la huo wa mtindi ni kwamba uzile haufichiki. Anayekula mtindi wenye uzile anaujua kwa harufu kabla haujafika mdomoni, na anayejua kwamba amepewa dawa huenda akajizuia zaidi kwenye sahani. Halafu tazama walichokula: unga mzima, na nyuzinyuzi zake na mafuta yake. Wewe unakunywa maji. Kijiko kimoja cha chai cha uzile ni kama gramu 2, na ukishachuja, sehemu kubwa ya hizo gramu 2 inabaki kwenye chujio. Mafuta yanayoupa uzile harufu hayachanganyiki vizuri na maji. Ukiuchemsha, ile harufu inayojaa jikoni mpaka barazani ndiyo mafuta yenyewe yakiondoka na mvuke. Kinachobaki kwenye kikombe ni maji yenye rangi na ladha, na hakuna anayeweza kukuambia kwa haki kwamba kikombe hicho ni sawa na gramu 3 za unga.

Basi kilo 2 na nusu zimekwenda wapi? Hesabu asubuhi zako. Tuseme zamani ulikuwa ukinywa chai ya maziwa yenye vijiko 3 vya sukari na mahamri mawili, na sasa unakunywa maji haya na kukaa mpaka saa nne. Hamri moja la kukaanga, la kiasi, halikosi kalori 150 mpaka 200, na chai hiyo karibu 100. Hapo umeacha kama kalori 400 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo siku 21 kwa 400 ni 8,400, yaani kilo moja na kidogo. Iliyobaki mara nyingi ni maji. Anayepunguza wanga na chumvi hupoteza maji wiki ya kwanza, na hayo hurudi siku ya biriani. Kama hesabu yako ya asubuhi inafanana na hii, kazi imefanywa na mahamri uliyoyaacha, na unaweza kuendelea kuyaacha huku unameza kidonge.

Nakuhadharisha na upande wa pili. Tezi ikilegea zaidi, mwili hushika chumvi na maji, na mizani hupanda kilo 2 mpaka 4 bila ya kula zaidi. Ukikaa bila dawa kwa ajili ya kupungua, huenda mwezi wa pili au wa tatu ukaona uzito unarudi na usijue kwa nini.

Kuhusu kupima: ukienda maabara wiki hii, jibu linaweza kukupotosha. TSH huchukua kama wiki 6 kutulia baada ya dozi kubadilika, hivyo leo inaweza kuwa bado iko njiani kupanda, nawe ukaisoma kama ushahidi kwamba gilgilani imeponya. Meza dawa kila siku kwa wiki 6 mpaka 8, halafu pima TSH, na T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe kwenye damu, kama maabara yako inaipima. Siku hiyo toa damu kwanza ndipo umeze kidonge. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha, soma kibandiko. Vikiwa na bayotini kwa wingi, viache siku 2 kabla ya kipimo, kwani huvuruga mashine na TSH ikaonekana ya chini kuliko ilivyo. Nalitaja hili kwa sababu tezi iliyolegea hung'oa nywele, na wenye tezi hiyo ndio hao hao wanaovinunua vidonge hivyo.

Namna ya kumeza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kidonge kimoja, maji matupu, tumbo tupu, kisha subiri dakika 30, na saa nzima ni bora, ndipo chai au kahawa. Kahawa inayofuata mara moja hupunguza dawa inayoingia kwenye damu. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Maji ya gilgilani nayo yasikutane na kidonge tumboni. Ukiyapenda, yanywe baada ya ile saa, na usitafune mbegu pamoja na dawa, kwa sababu nyuzinyuzi huweza kuishika. Mwezi wa Ramadhani watu wengi huona wepesi kumeza usiku kabla ya kulala, angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho, au kuamka mapema na kumeza nusu saa mpaka saa moja kabla ya daku. Chagua wakati mmoja na udumu nao.

Na hayo maji, ukitaka kuendelea nayo kama kinywaji, acha kuroweka usiku kucha. Mbegu za viungo huanikwa chini na kupita mikono mingi, na joto la jikoni kwetu usiku linawafaa sana vijidudu. Osha kijiko kimoja cha mbegu, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika 5, chuja, unywe asubuhi hiyo hiyo na usibakishe kitu kwa kesho. Kama unatumia dawa za sukari, pima sukari yako mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, kwa sababu chai ya sukari na mahamri ulivyoviacha vinaishusha, na dozi ya zamani inaweza kukuzidi.

Ukirudi kupima, mwambie daktari ukweli wa hizi wiki 3. Asipojua, akiona TSH imepanda atadhani mikrogramu 50 hazikutoshi na atakuongezea dozi usiyoihitaji. Ikizidi hiyo, moyo utakwenda mbio na mikono itatetemeka.