Riyali yako tayari ni dola

SWALI: Niko Doha miaka mitatu, nafanya kazi za nyumbani. Kila mwezi natuma riyali 2,000 Kilifi: karo ya watoto wawili, zinazobaki ni akiba ya nyumba. Wenzangu wananiambia nisiweke akiba kwa shilingi kwa sababu huanguka, nibadilishe riyali niweke dola. Pia kuna kampuni ya kutuma inayosema haitozi ada. Niamini nini?

JIBU: Dada, hili la dola naulizwa karibu kila wiki na watu wa Ghuba. Riyali ya Katari imefungwa kwenye dola tangu 2001, riyali 3.64 kwa dola moja. Dola ikipanda mbele ya shilingi, riyali nayo hupanda. Ukinunua dola hapo Doha hujajikinga na chochote. Umempa mbadilishaji faida yake, na siku ya kutuma nyumbani utampa tena. Dirhamu ya Imarati na riyali ya Saudia zimefungwa hivyo hivyo. Anayekuambia ununue dola kwa riyali ajue kwamba ulizo nazo mfukoni ni dola za jina jingine.

Kuhusu kutuma bila ada, piga hesabu hii. Tuseme dola iko shilingi 129. Gawanya kwa 3.64, unapata shilingi 35.44 kwa riyali moja. Hicho ndicho kiwango cha soko, na riyali 2,000 ni shilingi 70,880. Kampuni isiyotoza ada ikikupa 34.40, nyumbani zitafika 68,800. Nyingine ikikutoza riyali 15 lakini ikakupa 35.20, zitafika 69,872. Ile ya bure imekula shilingi 2,080, yenye ada imekula 1,008. Kwa mwaka tofauti ni karibu 13,000. Basi usiulize ada ni ngapi. Uliza: nikikupa riyali 2,000, mama atapokea shilingi ngapi mkononi?

Sasa shilingi. Huanguka kweli, wala sibishani. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa kama 101, na Januari 2024 ilifika 160. Aliyeleta dola zake mwanzo wa safari hiyo akaziacha kwa shilingi, alihitaji riba ya zaidi ya asilimia 12 kila mwaka, kodi ikishatolewa, ili tu arudi alipoanza. Wengi hawakuipata.

Lakini waliojifunza somo hilo ndio walioumia baadaye. Januari hiyo ya 2024 nilikuwa na watu walioshikilia dola wakingoja ifike 180. Mwenye dola 5,000 alikuwa na shilingi 800,000. Februari serikali ililipa sehemu kubwa ya deni lake la Yurobondi, yaani mkopo wa dola iliouchukua ng'ambo, hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikatulia, na ndani ya wiki chache dola ikarudi karibu na 130. Zile 800,000 zikawa kama 650,000, na karo haikushuka hata shilingi. Mwezi huo huo Benki Kuu iliuza hatifungani, yaani bondi ya serikali, ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa 800,000, hiyo ni shilingi 147,680 kwa mwaka.

Kwa hivyo usitabiri. Angalia pesa itatumika wapi. Karo hulipwa kwa shilingi, fundi na saruji vile vile. Pesa hizo zikae kwa shilingi, kwenye dhamana za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa muda mfupi, za siku 91 au 364 kulingana na tarehe ya matumizi, si kwenye hatifungani ya miaka minane ambayo utalazimika kuiuza kwa bei ya siku hiyo. Fedha usiyoipangia kazi nyumbani, labda ya uzeeni au ya mtoto atakayesoma nje, hiyo ibaki riyali kwenye akaunti yako, au iende kwenye mfuko wa soko la fedha wa dola, unaokusanya akiba za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi. Riba yake ni ndogo kuliko ya shilingi, na hiyo ndiyo bei ya kinga.

Dhamana za serikali unazinunua mwenyewe ukiwa hapo Doha, kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya Kenya yenye jina lako. Kuanzia shilingi 50,000 unaingia. Nasisitiza jina lako kwa sababu kuna mabwana wanaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi wa Ghuba, wakiahidi asilimia tano kwa mwezi "kwa dola", au wakijitolea kukununulia bondi ukiwatumia pesa kwa M-Pesa. Asilimia tano kwa mwezi, ukiiacha izaliane, ni karibu asilimia 80 kwa mwaka. Serikali yenyewe ikiwa taabani ilikopa kwa 18. Huyo anayekulipa 80 anaitoa kwenye mshahara wa dada aliyejiunga jana, na miezi miwili ya kwanza atakulipa bila kuchelewa ili umlete na mwenzako wa chumbani.