Kadi ya harusi kutoka skrini hadi karatasi

“Niko Lamu, nimechora kadi ya harusi kwenye simu, upana pikseli 1080. Mchapishaji wa Malindi ataka A5, milimita 148 kwa 210. Nitageuzaje pikseli ziwe milimita?”

Dada, pikseli haina urefu wake mpaka useme ngapi zinaingia kwenye inchi moja. Inchi haibadiliki: ni milimita 25.4, au pointi 72. Kwa kadi inayosomwa mkononi, tumia pikseli 300 kwa inchi.

Hesabu yenyewe ni hii:

```
148 ÷ 25.4 × 300 = 1748
210 ÷ 25.4 × 300 = 2480
```

Kwa hiyo pikseli zako 1080 zinatosha inchi 3.6 tu, yaani kama milimita 91. Ukizivuta zijaze A5, zitabaki 185 hivi kwa kila inchi, na kingo za maandishi membamba zitaonekana na ukungu. Kubadilisha namba ya ukubwa hakuongezi pikseli. Ni afadhali ufungue ukurasa mpya wa 1819 kwa 2551, ambao tayari una milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, kisha upange upya.

Herufi ndizo huwaponza wengi. Kwenye ukurasa wa pikseli 300 kwa inchi, pointi 12 ni pikseli 50. Jina la ukumbi likiwa na pikseli 24, karatasini ni chini ya pointi 6, na bibi harusi ana wazee watakaotaka kulisoma. Kabla ya kutuma, chapisha nakala moja kwa asilimia 100, bila kuruhusu printa ijipunguzie, uipime kwa rula.