Slaidi za kampuni si muhtasari wa zabuni

Juzi tumepokea barua ya kusudio la kutupatia zabuni. Kazi ni matengenezo ya majenereta ya akiba kwenye vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa, Ukerewe ikiwemo. Nimefurahi sana, kwa sababu kurasa mbili za muhtasari zilizokaa mbele ya zabuni ile nimeziandika mimi. Miaka kadhaa nyuma, katika kampuni nyingine, mkurugenzi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ni kunakili slaidi, kufikiri niwaachie wengine. Nikanakili kama alivyotaka, zabuni tukaikosa, na maneno yale hayajanitoka mpaka leo. Kwa hiyo nyie wenzangu mnaokesha na zabuni, nawaambia ninavyofanya.

Slaidi za kampuni zimepangwa kwa mpangilio wa kampuni yenyewe: historia, dira, timu, wateja, tuzo. Mjumbe wa kamati ya tathmini ana mpangilio wake, nao ni vigezo vilivyomo kwenye nyaraka za zabuni. Ndiyo maana slaidi sizifungui kwanza. Naanza na vigezo. Kwa zabuni hii vilivyobeba uzito vilikuwa vitatu: fundi afike ndani ya saa 4 akiitwa, vipuri viwepo karibu, na mzabuni awe amefanya kazi mbili zinazofanana ndani ya miaka 5. Naviandika kwenye karatasi, kila kimoja na nafasi chini yake, ndipo nazipitia slaidi moja moja nikiuliza: hii inajibu kigezo kipi? Isiyojibu chochote naiacha, hata kama ndiyo bosi anayoipenda kuliko zote.

Slaidi ya pili ya kwetu ilisema hivi: "Miaka 12 ya ubora. Wateja zaidi ya 60. Mafundi 35. Huduma saa 24." Inapendeza ukutani. Lakini mganga mfawidhi wa kituo kilichoko kisiwani, umeme umekatika na jenereta haliwaki, mafundi 35 walioko Dar es Salaam watamsaidia nini? Yeye anawaza kivuko. Jibu lake nililikuta karibu na mwisho, kwenye ramani yenye vidoto vya vituo vyetu, na kidoto kimoja kilikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe. Hakikuwa na maelezo yoyote. Nikampigia simu msimamizi wa mafundi, akaniambia pale tuna fundi anayeishi hukohuko, na stoo ndogo yenye filta za oili na dizeli, mikanda ya feni, betri na kidhibiti volteji cha akiba.

Aya ya kwanza ya muhtasari ikatoka hapo: "Vituo vya Ukerewe vitahudumiwa na fundi wetu anayeishi Nansio, asiyehitaji kusubiri kivuko kutoka Mwanza. Vipuri vinavyohitajika mara kwa mara viko kwenye stoo yetu ya Nansio. Orodha yake iko Kiambatisho Na. 4." Ona ilivyojengeka. Imeanza na hofu ya mnunuzi, ikafuata ahadi, kisha ushahidi na mahali ulipo. Muhtasari usiomwelekeza mjumbe kwenye kiambatisho unamwacha apekue mwenyewe, na mjumbe aliyechoka hapekui.

Halafu kuna hatari ambayo watu wanaidharau. Slaidi huandikwa kwa ajili ya kutafuta soko na zinazeeka kimyakimya. "Wateja zaidi ya 60" ukiiweka kwenye muhtasari, huku fomu ya uzoefu ina mikataba 6 yenye barua za uthibitisho, umempa mjumbe sababu ya kutilia shaka kila tarakimu inayofuata. Mhandisi aliyepigwa picha kwenye slaidi huenda ameshahama. Nembo ya mteja huenda ni ya kazi iliyofanywa na kampuni dada, na kampuni dada siyo mzabuni. Mimi kila namba na kila jina nalilinganisha na fomu iliyosainiwa, na vikipishana nafuata fomu.

Bei nayo msiiguse pale zabuni inapotaka bahasha mbili. Slaidi nyingi zina ukurasa wa "vifurushi vyetu" wenye viwango vya malipo, na ni rahisi sana kuuhamisha bila kujua. Kwenye nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za kuajiri washauri, pendekezo la kiufundi lenye taarifa za msingi za bei hutangazwa kuwa halikidhi masharti. Hapo unatolewa kabla bahasha ya bei haijafunguliwa, hata ungekuwa na mafundi bora kuliko wote.

Muhtasari uandikeni mwisho, viambatisho vikishapewa namba, na muwe mmejitengea siku nzima kwa kazi hiyo. Msikubali kuletewa slaidi usiku wa kuamkia siku ya kufunga zabuni mkaambiwa "fupisha hizi". Mkatae kwa heshima, ila mkatae, na mwombeni bosi awape namba ya simu ya msimamizi wa mafundi.