Kabla ya kushuka hadi kalori 1,000, pima chupa ya mafuta na ugali wa jioni

"Nimepungua kilo 9 tangu Januari, lakini hii ni wiki ya sita uzito umeganda kwenye 78. Naandika kila ninachokula, na sizidishi kalori 1,400 kwa siku. Nipo Nyegezi, napikia watu watano. Je, nishuke hadi 1,000?"

Dada yangu, usishuke bado. Kwa siku 14 zijazo kula vilevile unavyokula sasa, usipunguze wala usiongeze, ila kila kitu kipimwe kwa gramu kwenye mizani ya jikoni kabla hakijafika kwenye sahani yako. Mwaka jana niliganda kwa wiki saba kwenye kilo 86, nikiwa naandika kalori 1,650 kwa siku, kwa uaminifu nilivyodhani, na nilikuwa nimekwisha kuamua kushuka hadi 1,200. Nilipopima nilichokuwa nakula bila kubadilisha chochote, nilikuta ni takriban 2,185.

Mimi nauza samaki Mwaloni Kirumba, na kutwa nzima kazi yangu ni mizani. Mteja hanilipi kwa kukisia, nami sinunui samaki kwa mvuvi kwa kukisia. Nyumbani, hata hivyo, wiki za mwanzo tu ndizo nilipima. Baadaye nikaamini kwamba jicho langu limekwisha kuzoea, nikawa naandika "ugali wa kawaida" na "mafuta kijiko kimoja" kwa mazoea. Ninavyoona mimi, hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Pengine utauliza: kama makosa yalikuwepo, mbona kilo 9 za kwanza zilitoka? Zilitoka kwa sababu mwanzoni nafasi kati ya unachoandika na unachotumia ilikuwa kubwa, kiasi kwamba kosa la kalori mia nne au mia tano halikuimaliza. Mwili ukishakuwa mwepesi unatumia nishati kidogo zaidi, kwa kuwa una uzito mdogo wa kubeba na kuendesha, na nafasi ile inasinyaa wiki baada ya wiki mpaka inalingana na kosa lenyewe. Siku hiyo uzito unasimama, na wewe unadhani mwili umegoma. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha vipimo vya watu waliolalamika kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200. Miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida, lakini kwa wastani walikuwa wameandika pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula.

Sasa nikuonyeshe jinsi kalori 535 nilizokuwa siziandiki zilivyopatikana, kwa sababu kwa nyumba inayopikia watu watano nina hakika zako hazitakuwa mbali na zangu.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa ugali. Programu ya simu niliyokuwa natumia iliweka ugali kwenye kalori 90 kwa gramu 100, na mimi nilikuwa nakula gramu 450 jioni, kwa hiyo nikawa naandika 405. Tatizo ni kwamba namba ile ilikuwa ya ugali laini wenye maji mengi, na wetu ni mgumu. Nikapima unga mkavu kabla haujaingia kwenye sufuria: gramu 500. Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100, hivyo sufuria nzima ilikuwa na 1,800. Ulipoiva niliupakua wote kwenye sinia nililokwisha kulipima likiwa tupu, nikatoa uzito wa sinia, nikapata gramu 1,350. Ukigawa 1,800 kwa 1,350 unapata kalori 1.33 kwa kila gramu, na gramu zangu 450 zikawa 600 badala ya 405. Hapo peke yake kalori 195 zilikuwa zinapotea kila jioni. Ukoko uliobaki kwenye sufuria usikusumbue kama hauliwi. Ni kidogo, na kosa lake linakwenda upande ulio salama.

Hesabu hiyo irudie wewe mwenyewe kwa ugali wako, usichukue 1.33 yangu, kwa sababu mkono wa kila mpishi una maji yake. Wali nao ni vivyo hivyo, na hapo kuna kosa jingine linalofanana na hilo: mtu anapima wali ulioiva lakini anachagua namba ya mchele mkavu, au kinyume chake. Mchele mkavu una karibu kalori 360 kwa gramu 100, ukiiva unakuwa na 130 hivi. Dagaa pia waangalie kwa namna hiyo, kwani waliokauka juani wamepoteza maji, na gramu 50 zao si sawa hata kidogo na gramu 50 za wabichi.

La pili lilikuwa mafuta, na hili sikulitarajia kwa sababu nilikuwa naliandika. Jikoni kwangu anapika mdogo wangu. Mafuta ya alizeti tunayanunua kwa dumu na kuyamimina kwenye chupa ya soda, na yeye anaminya chupa ile juu ya sufuria mpaka kitunguu kianze kulia. Mimi nilikuwa naandika kijiko kimoja cha chai, gramu 5, kama fungu langu. Jioni moja nikapima chupa kabla hajaanza, nikaipima tena alipozima jiko: ilikuwa imepungua gramu 92, zote zimeingia kwenye mboga na mchuzi. Tunakula watu wanne, kwa hiyo fungu langu lilikuwa gramu 23. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, na hivyo 45 nilizoandika zilikuwa 207 kwa kweli. Njia hii ya kupima chupa ni bora kuliko vijiko, kwa sababu haimsumbui mpishi wala haimlazimu kubadili mkono wake. Unapima mara mbili na kutoa.

Samaki wa kukaanga napima kwa njia hiyo hiyo. Pima kikaango pamoja na mafuta kabla ya kuwasha moto, na ukipime tena kikaango samaki wakishatoka na mafuta yakishapoa. Kilichopungua kimeingia zaidi kwa samaki, ukiacha matone yaliyoruka. Hapa niseme pia jambo la upande wa pili, kwa kuwa ni kazi yangu: ukimpima sato mzima na kuandika uzito wote kama mnofu, unajizidishia, maana kichwa na miiba ni sehemu kubwa. Baada ya kula pima miiba iliyobaki kwenye sahani, uitoe. Makosa hayaendi upande mmoja tu, na tunatafuta namba ya kweli, iwe juu au chini.

Sukari ya chai ilinipa kalori 48. Nilikuwa nahesabu gramu 4 kwa kijiko, lakini kijiko changu kilichojaa kilima kilikuwa na gramu 7, na vijiko ni vinne kwa siku.

Zilizobaki ni za mwisho wa wiki. Jumamosi na Jumapili nilikuwa siandiki, au naandika mlo mmoja na kuuacha mwingine. Nilipoandika yote, chipsi na soda za ufukweni, na karanga nilizokuwa natafuna nikisubiri boti, siku hizo mbili zilizidi kwa kalori 910. Ukizigawa kwa siku saba ni 130 kila siku, na ndizo zinazofuta kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa bila kuonekana. Kwa hiyo wastani wako uwe wa siku zote 14, usiwe wa siku za kazi pekee.

Kabla ya kuanza, hakikisha mizani yenyewe. Ile ya jikoni weka kwenye meza ngumu, irudishe sifuri, kisha weka juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Ikitofautiana kwa gramu chache si neno, ikitofautiana kwa 50 badilisha betri au mizani. Ile ya kujipimia iwe kwenye sakafu ngumu, si kwenye jamvi, na panda kila asubuhi ukishatoka msalani na kabla hujanywa chochote. Usiangalie namba ya siku moja. Jumlisha za siku saba, ugawe kwa saba, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Kwa sisi wanawake maji ya mwili yanapanda siku za karibu na hedhi, na linganisho la haki ni kati ya wiki fulani ya mzunguko na wiki hiyo hiyo ya mzunguko uliopita. Jioni moja ya dagaa wenye chumvi nyingi nayo inaweza kukupandisha kilo nzima asubuhi yake bila mafuta hata kidogo kuongezeka mwilini.

Baada ya siku 14 zangu sikushuka hadi 1,200. Nilipunguza ugali kutoka gramu 450 hadi 300, nikaomba mafuta ya sufuria yawe gramu 40, na nikapunguza soda na chipsi za mwisho wa wiki. Jumla ilikuwa pungufu ya takriban kalori 435 kwa siku ukilinganisha na 2,185 za kweli. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo nilitarajia kupungua gramu 400 kwa wiki, na ndivyo ilivyokuwa: wastani wa 86.3 ulifika 84.6 baada ya wiki nne. Angalia kwamba 1,750 nilizokuwa nakula sasa ni nyingi kuliko 1,650 nilizodhani nakula nikiwa nimeganda. Ningeshuka hadi 1,200 za kweli, kwa kusimama kutwa juani Mwaloni, nisingemaliza wiki mbili, na njaa ingenirudisha kwenye karanga.

Inawezekana vipimo vyako vikatoka sawa kabisa na 1,400, na wastani wa wiki nne ukabaki palepale. Hapo ndipo kupunguza kunakuwa na maana, nako kuwe kwa kalori 100 hadi 150, usubiri tena wiki tatu kabla ya kugusa kingine. Na kama unatumia dawa za kisukari, usipunguze chakula kabla hujaongea na daktari wako, kwa sababu sukari inaweza kushuka kwa hatari. Ukiwa na uchovu usioisha, kuhisi baridi muda wote au miguu kuvimba, nenda kapimwe hata kama namba zako zinaonekana sawa.

Anza na mafuta na ugali wa leo jioni. Ukimaliza siku 14 rudi hapa na namba tatu: wastani wa kalori zako kwa siku zote, wastani wa uzito wa wiki ya kwanza, na wa wiki ya pili. Nitakaa nawe tuzipigie hesabu.