Ripoti moja, wasomaji wa Dar, Dubai na London: itoke saa ngapi?

Ripoti ya mizigo ninayoiandaa hapa Dar es Salaam husomwa na watu wa pande tatu: wenzangu wa ofisini, wateja wa Dubai na washirika wa London. Inajituma yenyewe, kwa hiyo saa niliyoipanga ndiyo inayoamua kama itasomwa siku hiyohiyo au itafunikwa na barua pepe za usiku.

Usianze na saa inayokufaa wewe. Anza na anayefungua ofisi mwisho na anayefunga mapema. Kwangu anayechelewa kufungua ni London. Wakati wa baridi tunawatangulia kwa saa tatu, kwa hiyo wakiingia saa tatu asubuhi, huku ni saa sita mchana. Dubai wao wametutangulia kwa saa moja. Wakifunga saa kumi na moja jioni, huku ni saa kumi. Nafasi yangu basi ni kati ya saa sita na saa kumi. Nilichagua saa sita na nusu, kabla wenzangu hawajatoka kwenda kula.

Hesabu hiyo ifanye kwa majira ya baridi hata kama unapanga mwezi wa Juni. Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi na Dubai hatusogezi. Ukipanga saa tano asubuhi ya Dar mwezi Juni, London wataipata saa tatu kamili, safi kabisa. Oktoba ikiisha, itawafikia saa mbili, kabla hawajafika kazini. Hutaona hitilafu yoyote kwenye mtambo. Utaona tu majibu yao yanachelewa, au wanauliza jambo ambalo liko kwenye ripoti.

Kisha angalia saa ya seva. Andika `date`; ikionyesha UTC badala ya EAT, toa saa tatu. Ripoti yangu huchukua kama dakika 20 kukamilika, kwa hiyo kwenye crontab ya seva naianzisha mapema kidogo:

```
10 9 * * 1-4
```

Hiyo ni 9:10 ya UTC, yaani saa sita na dakika kumi huku, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa nimeiacha kwa makusudi. Tangu Januari 2022, ofisi za serikali za Falme za Kiarabu hufunga saa sita mchana siku hiyo, na ripoti ingefika kwao saa saba na nusu.

Ukiwa na msomaji New York, usihangaike kutafuta saa moja ya wote. Wakati wa baridi, saa tatu asubuhi yao ni saa kumi na moja jioni yetu, na Dubai wameshafunga. Tuma mara mbili, lakini faili liwe lilelile la mchana. Ukilitengeneza upya jioni, takwimu zitakuwa zimebadilika, na kesho yake watu watabishana kuhusu namba mbili ambazo zote ni sahihi.