Wiki ikipoa, asilimia zinaanza kudanganya

Nina ripoti ya oda za matawi manne, inajirefreshi kila Jumatatu asubuhi kutoka Postgres, inaonyesha kila tawi limepanda au limeshuka asilimia ngapi ukilinganisha na wiki iliyopita. Miezi kibao haikunisumbua. Ikaja wiki ya Krismasi, tawi la Tanga wakafunga, oda hata moja hakuna.

Wala sikuona eror yoyote, na hapo ndo shida ilipo. GROUP BY haitengenezi mstari wa kitu ambacho hakipo, kwa hiyo Tanga haikutokea na sifuri, haikutokea kabisa, na mimi kwenye matawi matatu yaliyobaki sikushtuka. Wiki iliyofuata wakafungua wakapata oda 10, ripoti ikasema wameshuka 75%. Wameshuka kutoka wapi tena, wakati wiki iliyopita walikuwa wamefunga? Kumbe LAG haijui kalenda, yenyewe inachukua mstari uliotangulia tu, na mstari uliotangulia ulikuwa wa wiki mbili nyuma, oda 40. Bosi alishampigia meneja wa Tanga simu kabla sijagundua.

Kwa hiyo cha kwanza jaza mashimo. Tengeneza wiki zote kwa generate_series, zidisha na orodha ya matawi kwa CROSS JOIN, ndo uunganishe oda kwa LEFT JOIN na uhesabu COUNT(oda.id) AS idadi ndani ya CTE, usiweke COUNT(*) maana hiyo itahesabu mstari mtupu kama oda moja.

Nikafanya hivyo, Krismasi ikasoma -100%, safi. Afu wiki inayofuata kwerii nzima ikafa: `division by zero`. Tawi moja limeua ripoti ya matawi yote! Hapo ndo unaweka NULLIF:

```sql
100.0 * (idadi - LAG(idadi) OVER w)
  / NULLIF(LAG(idadi) OVER w, 0)
-- mwisho wa SELECT, kabla ya ORDER BY:
WINDOW w AS (PARTITION BY tawi ORDER BY wiki)
```

Sasa inarudi NULL, na kishawishi kinachokuja ni kuifunika kwa COALESCE iwe 0. Usifanye hivyo, 0% maana yake hakuna kilichobadilika, na hawa wametoka 0 hadi 10. Mimi naandika hivyohivyo kwenye ripoti, "0 → 10", bila asilimia. Na mabadiliko ya kampuni nzima nayahesabu kwenye jumla ya oda zote, siyo wastani wa asilimia za matawi, maana AVG inaziruka NULL kimyakimya na Tanga inapotea tena.

Ila sifuri yenyewe usiiamini haraka. Kuna siku tawi lilikuwa wazi ila data haikupanda, na kwerii yangu mpya ikaiandikia sifuri bila wasiwasi. Siku hizi kila tawi linatuma mstari mmoja wa kufunga siku hata kama halijauza kitu, usipokuwepo naacha NULL.