Eurail au tiketi moja moja: Paris, Amsterdam, Berlin, Prague

"Mwezi wa sita nazunguka Paris, Amsterdam, Berlin, Prague. Ninunue Eurail ya siku 4? Na treni ya usiku inakula siku ngapi?"

Ndugu, Eurail ni pasi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, nayo huhesabiwa kwa siku za safari. Siku ya safari huanza saa 6 usiku na kuisha saa 6 usiku unaofuata. Ndani yake panda treni hata tano. Ukipanda ya usiku Jumatatu saa 4 na kushuka Jumanne asubuhi bila kubadilisha treni, imekwenda Jumatatu tu. Ila ukiunganisha treni nyingine Jumanne hiyo hiyo, ya pili nayo imeliwa.

Sasa kwako. Safari zako ni tatu tu, siku ya nne itaoza. Tuseme pasi ni yuro 280: kila safari inakutoka zaidi ya yuro 90, na bado Paris kwenda Amsterdam kwa treni ya kasi ya Eurostar utalipia kiti juu ya bei ya pasi, tena viti vya wenye pasi vina kikomo. Berlin kwenda Prague tiketi ya mapema kwa cd.cz, tovuti ya reli ya Czech, mara nyingi ni chini ya yuro 30. Hapo pasi imeshapigwa bao.

Nunua moja moja, mapema. Ubaya wake ni kwamba tiketi ya bei ya chini inakufunga kwa treni moja. Ukichelewa kwa uzembe wako, imeungua. Pasi ningeichukua kama ungekuwa unaamua njiani, hasa Ujerumani na Austria, ambako treni nyingi hupandwa bila kulipia kiti.